Barua ya wazi kwa Msajili wa Chuo: kozi iliyorudiwa ihesabiwe mara moja, na ionekane

Ndugu Msajili,

Yah: GPA ambayo mwenye transkripti hawezi kuikokotoa mwenyewe

Kila msimu wa mahafali, wahitimu hupanga foleni dirishani wakiuliza GPA yao imetokaje. Karani hufungua mfumo, husoma namba ileile iliyokwisha kuchapwa, na foleni husogea. Tunakuandikia sisi tunaokokotoa na kuhakiki matokeo, kwa sababu swali hilo lina jibu la hesabu, na jibu lenyewe lingeweza kukaa kwenye transkripti yenyewe.

Kanuni ya msingi haina utata. Katika mizani inayotumika vyuo vingi vya Tanzania, A (alama 70 hadi 100) ni pointi 5, B+ (60 hadi 69) ni 4, B (50 hadi 59) ni 3, C (40 hadi 49) ni 2, D (35 hadi 39) ni 1, na E, yaani chini ya 35, haina kitu. Pointi za kila kozi huzidishwa kwa krediti zake, mazao yote hujumlishwa, kisha jumla hiyo hugawanywa kwa krediti zote. Jibu hukatwa kwenye desimali moja, halipandishwi. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 ni la pili la juu, 2.7 ni la pili la chini, 2.0 ni kufaulu tu.

Ugomvi huanzia kwenye kozi iliyorudiwa. Tumchukue mhitimu mmoja wa shahada ya miaka mitatu, krediti 360, katika chuo ambacho kanuni zake zinasema mambo mawili: matokeo ya kurudia yanachukua nafasi ya yale ya kwanza, na gredi ya kurudia haipiti C. Mwaka wa kwanza alipata 37 kwenye Takwimu, kozi ya krediti 12. Hiyo ni D. Akaibeba keri, akaifanya tena mwaka wa pili akapata 61, ikaandikwa C kwa sababu ya dari. Kozi zake nyingine zina krediti 348: za A ni 36, za B+ ni 156, za B ni 122 na za C ni 34. Mazao yake ni 180, 624, 366 na 68, jumla 1238.

Ongeza Takwimu kama kanuni inavyotaka, yaani 12 mara 2, pointi 24. Inakuwa 1262 kugawanya kwa 360, sawa na 3.505. Ikikatwa ni 3.5, daraja la pili la juu.

Sasa tazama mfumo unapoacha D ya kwanza kwenye hesabu. Pointi zinaongezeka 12, zinakuwa 1274, lakini krediti nazo zinaongezeka 12, zinakuwa 372. Jibu ni 3.424, na kwenye transkripti inachapwa 3.4. Mtu yuleyule, kozi zilezile, daraja limeshuka. Ukikosea upande wa pili, ukaondoa D lakini ukasahau dari na kumpa B+ ya ile 61, unapata 1286 kwa 360, yaani 3.572, ambayo nayo ikikatwa ni 3.5. Kosa hili la pili limejificha kabisa, na litakuja kuonekana kwa mhitimu mwingine aliyekaa karibu na mpaka. Ndiyo maana kumwambia mhitimu "GPA yako iko sawa, tumeiangalia" hakutoshi: namba inaweza kuwa sawa kwa njia isiyo sawa.

Kwa nini mfumo unahesabu mara mbili? Mara nyingi chanzo ni mtaala kubadilishwa. Mwanafunzi alisajili kozi ikiwa na namba TK 112, mtaala ukapitiwa, mwaka uliofuata kozi hiyohiyo ikawa TK 1120. Mfumo hutambua marudio kwa kulinganisha namba ya kozi. Namba zikitofautiana, kwake hizo ni kozi mbili: moja kafeli, nyingine kafaulu. Mbaya zaidi ni pale krediti nazo zilipobadilika, tuseme kutoka 8 hadi 12, maana hapo hata karani makini hajui atumie ipi. Kanuni iseme wazi; tunashauri zitumike krediti za kozi aliyoifaulu, na jedwali la namba za zamani na mpya liingizwe kwenye mfumo kabla ya muhula kufunguliwa, lisingoje malalamiko.

Kuligundua kosa hili hakuhitaji kompyuta. Kabla ya kugusa pointi yoyote, jumlisha safu ya krediti. Kama programu ni ya krediti 360 na wewe umepata 372, usiendelee, tafuta kozi ya krediti 12 iliyojirudia. Ukipata 348, kuna kozi haikuingizwa, na mara nyingi ni ile ya keri ambayo mhadhiri alipeleka alama zake kwenye karatasi ya pembeni.

Kwa anayetumia jedwali la kompyuta, krediti zikiwa safu ya C na pointi safu ya D, inatosha hivi:

```
=SUM(C2:C41)
=SUMPRODUCT(C2:C41,D2:D41)
=TRUNC(SUMPRODUCT(C2:C41,D2:D41)/SUM(C2:C41),1)
```

Angalieni `TRUNC` isigeuzwe `ROUND`. Mhitimu mwenye pointi 1257 kwa krediti 360 ana 3.491. Ikikatwa ni 3.4, ikikaribishwa ni 3.5. Vilevile kupanga seli ionyeshe desimali moja ni kukaribisha kimyakimya: kilichoandikwa kwenye skrini ni 3.5 na kilichomo ndani si 3.5. Kwenye mpaka, sisi huacha kugawanya kabisa. Tunazidisha pointi kwa 10, tunazidisha krediti kwa 35, tunalinganisha. Kwa mhitimu wetu ni 12620 dhidi ya 12600. Kavuka, basi. Na wastani wa GPA za mihula sita usitumike popote, kwa sababu mihula haina krediti sawa na kila GPA ya muhula imekwisha kukatwa kabla ya kuingia kwenye wastani.

Kabla ya gredi kuna alama, na huko nako kuna tundu. Tathmini endelevu ni 40, mtihani wa mwisho ni 60. Tuseme jaribio la kwanza lilisahihishwa kwa 20 na uzito wake ni 15, la pili kwa 30 na uzito ni 15 vilevile, kazi ya nyumbani kwa 10 na uzito 10. Mwanafunzi kapata 16, 15 na 8. Kwa uzito, hizo ni 12, 7.5 na 8, jumla 27.5. Mhadhiri mwenye haraka hujumlisha alama ghafi, 39 kwa 60, akazigeuza kuwa 26 kwa 40. Mwanafunzi huyo akipata 55 kwa 100 kwenye mtihani wa mwisho, ambayo ni 33 kwa 60, njia ya kwanza inampa 60.5 na ya pili 59. Ya kwanza ni B+, ya pili ni B. Kama kozi hiyo ina krediti 12 na ni mojawapo ya zile B+ za mhitimu wetu, pointi 1262 zinakuwa 1250, na 3.505 inakuwa 3.472. Alama moja na nusu kwenye majaribio ya mwaka wa kwanza imeshusha daraja la shahada nzima.

Hapo transkripti haiwezi kusaidia, kwa sababu haionyeshi vipande. Kinachosaidia ni kubandika matokeo ya tathmini endelevu yenye safu mbili kwa kila jaribio, alama ghafi na alama kwa uzito, kabla ya mtihani wa mwisho, wakati karatasi za majaribio bado ziko mikononi mwa wanafunzi. Baada ya miaka mitatu hakuna tena cha kulinganisha nacho.

Jambo jingine, ambalo tunaliona dogo mezani lakini si dogo kwa anayehusika. Mtihani maalumu, wa aliyeugua au kufiwa akaruhusiwa kuahirisha, hufanyika mara nyingi siku moja na sapu, chumba kimoja, karatasi moja. Orodha ya mahudhurio inakuwa moja pia, na aliyeingiza matokeo anawawekea wote dari ya C. Lakini wa mtihani maalumu hakufeli. Huo ndio mtihani wake wa kwanza. Kozi ya krediti 12 aliyoipata B+ ikiandikwa C, amenyang'anywa pointi 24. Orodha ziwe mbili hata kama chumba ni kimoja.

Kuhusu krediti zenyewe, andikeni nyuma ya transkripti kwamba krediti moja ni saa 10 za kujifunza, zikiwemo za mhadhara, mazoezi na kujisomea, na kwamba mwaka wa masomo ni krediti 120. Marekani, saa ya krediti huhesabiwa kwa saa ya darasani kila wiki kwa muhula mzima, na mwaka kwa kawaida ni kama 30. Ulaya mwaka ni 60. Msomaji wa Marekani asipopewa mstari huo, krediti zetu 12 za Takwimu kwake ni muhula karibu wote.

Tunachoomba, Ndugu Msajili, kinaingia kwenye karatasi mliyonayo. Kila kozi iwe na krediti, gredi, pointi na zao lake. Kozi iliyorudiwa ichapwe mara zote mbili, ile ya kwanza ikiwa na alama ya R na krediti zake zikiwa kwenye mabano kuonyesha kwamba hazimo kwenye jumla. Mstari wa mwisho uandikwe wazi, kwa mhitimu wetu ungesomeka:

```
Krediti 360   Pointi 1262   1262/360 = 3.505   GPA 3.5
```

Kwa waliokwisha kuhitimu, anzeni na wale wenye rekodi ya keri au sapu ambao GPA yao iliishia 2.6, 3.4 au 4.3. Hao ndio waliokaa hatua moja chini ya mpaka wa daraja. Kwa kila mmoja, jumlisheni krediti kwanza. Majina yatakayobaki baada ya hapo yatamalizwa na karani mmoja mwenye kikokotoo, na wale ambao daraja litabadilika waandikiwe barua bila kusubiri waje dirishani.

Wenu,
Wahakiki wa matokeo