Dakika ya Tatu Wanaondoka: Kwa Nini Hatuuzi "Mwanzo Tu"

Lalamiko hili linatufikia mara kwa mara sisi tunaotengenezea watu video za YouTube, na safari hii limekuja kwa ukali: "Nimewalipa, mwanzo umetoka mzuri, lakini ikifika dakika ya tatu watu wanaondoka. Mmenipunja." Mteja ni mfugaji wa kuku, mtu mwenye maarifa mengi na chaneli inayokua. Alituomba tumtengenezee sekunde 30 za mwanzo tu, zilizobaki aunganishe kijana wake nyumbani ili kupunguza gharama. Tulimwambia pale pale kwamba fedha ya mwanzo peke yake ni fedha ya kupotea. Hakutuelewa, na naona si yeye peke yake, ndiyo maana naeleza hapa kwa kirefu.

Fungua YouTube Studio, ingia kwenye Analytics ya video yako, utakuta mchoro wa mstari unaoonyesha ni watazamaji wangapi bado wapo kila sekunde. Wateja wengi wanaangalia sekunde 30 za kwanza, wanafurahi, wanafunga. Sisi tunaanza kusoma pale wanapoishia. Mstari ukiteremka taratibu hakuna tatizo, kila video inapoteza watu kidogo kidogo. Ukianguka ghafla mahali fulani, kuna jambo umelifanya sekunde chache kabla ya hapo. Rudi nyuma usikilize: mara nyingi ndipo ulipomaliza kujibu swali la kwanza na hukuacha jingine wazi.

Hicho ndicho kilichotokea kwa mfugaji wetu. Video yake ilihusu vifaranga kufa wiki ya kwanza. Mwanzo tuliomtengenezea ulionyesha banda asubuhi: taa inawaka, chakula kipo, na vifaranga wamekufa wakiwa wamelundikana kona moja. Swali likajiuliza lenyewe: kama taa iliwaka usiku kucha, wamekufa kwa nini? Kijana wake akaweka jibu mapema kwenye dakika ya pili: baridi iliwafanya walaliane, wa chini wakakosa hewa. Baada ya hapo zikafuata dakika nane za kupanga vyombo vya maji, kutandaza maranda na kushukuru wafuasi. Mtazamaji alishapata alichokifuata. Angebaki kwa ajili ya nini?

Mwaka 1994 mtafiti wa Marekani, George Loewenstein, aliandika kwamba udadisi huzaliwa mtu anapoona pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua. Ukilitafakari hilo utaona kwa nini maswali ya katikati ya video yana nguvu kuliko ya mwanzo. Mwanzoni mtazamaji hajui lolote, kwa hiyo unaweza kumuuliza swali pana tu. Akifika dakika ya tatu ameshajua mambo kadhaa, na sasa unaweza kumwonyesha kitu kinachopingana na kile ulichomfundisha dakika moja iliyopita. Hapo ndipo anaposhindwa kuondoka.

Basi video ile tuliipanga upya hivi. Swali kubwa la mwanzo likabaki wazi hadi karibu na mwisho. Katika dakika ya pili tunamweleza mtazamaji kwamba kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 hivi. Halafu, kabla hajapumua, kamera inapanda kwenye kipimajoto cha banda lile lile: kinasoma 34, na chini yake vifaranga wanasongamana kwa baridi. Tunanyamaza sekunde mbili, kisha mfugaji anauliza, "Kipimo kinasema joto linatosha. Mbona wao wanasema hapana?" Jibu linakuja baada ya kama dakika moja: kipimajoto kilining'inizwa juu, karibu na taa, wakati joto linalohusika ni la usawa wa mgongo wa kifaranga. Anakishusha, kinasoma chini zaidi.

Swali hilo linapofungwa, lingine limeshafunguliwa. Taa imeteremshwa, kipimajoto kinasoma vizuri pale chini, lakini vifaranga sasa wamejazana upande mmoja tu wa banda. Wangekuwa na baridi wote wangekuwa chini ya taa. Wangezidiwa na joto wangeikimbia taa kila upande. Upande mmoja maana yake nini? Mfugaji anapiga magoti, anaweka kiganja chini ya mlango: upepo unapita hapo. Hapo ndipo swali kubwa linapopata jibu kamili, kwa sababu kona waliyokutwa wamekufa ndiyo iliyokuwa mbali zaidi na ule mlango.

Maarifa ni yale yale aliyokuwa nayo mfugaji tangu siku ya kwanza. Kilichobadilika ni mpangilio, na huo ndio tunaoutoza fedha.

Sasa gharama ya njia ya mkato. Ili kuipanga hivyo tulihitaji picha ya karibu ya kipimajoto na vifaranga kwa pamoja, na picha ya kiganja chini ya mlango. Hazikuwepo, kwa sababu aliporekodi hakuna aliyemwambia azichukue. Na kifaranga hamsubiri mpiga picha: tuliporudi bandani walishaota manyoya. Ilibidi asubiri kundi jingine liingie, atulipe usafiri na siku nyingine ya kurekodi. Kama tungekaa naye kwenye skripti kabla ya kurekodi, picha zile zingechukuliwa siku hiyo hiyo.

Kuna wanaojaribu kukwepa kazi hii kwa kusema "baki nami hadi mwisho" au "kuna siri kubwa inakuja" kila baada ya dakika mbili. Hilo si swali. Halimwachii mtazamaji kitu mahususi cha kujiuliza, na akisikia mara ya pili anajua anacheleweshwa. Vivyo hivyo ukifungua swali zuri kisha ukaweka maneno matupu kabla ya jibu, watu wataruka mbele. Utaliona kwenye mchoro: bonde pale ulipopiga soga, kisha mstari unapanda tena pale jibu lilipo. Ukiona umbo hilo, usitafute swali jipya. Kata yaliyomo bondeni. Na acheni kusema "kwa kumalizia" wakati bado mna jambo la maana. Neno hilo linamruhusu mtu aondoke, nasi tumekuwa tukilifuta kwenye kazi za wateja kila tunapolikuta.

Kuna kazi ambazo hatutakushauri ulipie huduma hii. Kama video yako ni ya kuonyesha jinsi ya kubadili pasiwedi au kufunga bomba, mtu amekuja kuchukua jambo moja na kuondoka. Mpe haraka, fupisha video, basi. Pia kama kichwa cha video kinaahidi jambo ambalo halimo ndani, hakuna swali la katikati litakalokuokoa.

Bei yetu kwa video ya dakika 10 inajumuisha kikao cha skripti kabla ya kurekodi, orodha ya picha zinazolazimika kuchukuliwa, kutazama klipu zote ulizorekodi, na kusoma mchoro wa watazamaji pamoja nawe siku chache baada ya kupandisha. Kama umesharekodi, tuletee klipu zote bila kufuta hata zile unazoona zimeharibika. Mara nyingi ile picha ya sekunde nne inayobeba swali zima imo humo humo kwenye ulizotaka kutupa.