Barua kwa mwanangu: Dar es Salaam si Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako umefika. Umesema umepata chumba Sinza, uswahilini kabisa, na lugha haitakuwa shida kwa sababu Kiswahili unacho. Sentensi hiyo ndiyo iliyonikalisha kuandika barua hii. Mimi nilishuka kwenye basi Ubungo mwaka 1999 nikiwa na wazo hilohilo, na mwezi wangu wa kwanza uliniumiza hasa kwa sababu nilidhani sina la kujifunza. Mgeni asiyejua lugha huvumiliwa. Wewe watu watakuelewa kila neno, na kwa hiyo watadhani umekusudia kila ulichosema.

Nianze na hospitali, maana hapo kosa la neno moja linaweza kukugharimu siku nzima na pengine zaidi.

Kwetu Nairobi, mtu akipiga chafya na pua ikichuruzika anasema ana homa. Dar es Salaam hayo ni mafua. Homa ni joto la mwili kupanda, na ukilitamka neno hilo mbele ya daktari wa Dar, kitu cha kwanza kinachomjia akilini ni malaria. Mimi wiki yangu ya pili nilikwenda kituo cha afya kimoja upande wa Magomeni nikamwambia daktari, "Niko na homa tangu jana." Hakuniuliza zaidi, akaandika karatasi ya maabara. Nikatobolewa kidole, nikakaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, maana siku hizo damu ilisomwa kwa hadubini na foleni ilikuwa ndefu. Majibu yakarudi hayana kitu. Ndipo daktari akaniangalia vizuri, akaona leso mkononi, akasema, "Dada, wewe una mafua." Alikuwa amefanya kazi yake sawasawa. Neno langu ndilo lililompeleka kwingine.

Sasa fikiria kinyume chake, na hiki ndicho ninachokiogopa kwako. Ukishikwa na homa ya kweli, joto na baridi ya kutetemeka, usije ukajiambia ni "kahoma" tu ukanywa panado na kulala siku tatu. Umekulia Nairobi, juu kwenye baridi, na mwili wako haujazoea malaria ya pwani. Nenda ukapimwe siku hiyohiyo. Siku hizi wana kipimo cha haraka, tone la damu kwenye kikaratasi, na majibu hutoka baada ya dakika kumi na tano au ishirini. Usinunue dawa ya malaria dukani kabla ya kipimo, hata jirani akikuapia kwamba dalili ni zilezile. Mji huo una pia homa ya dengi, ambayo wengine huiita kidingapopo. Iliwasumbua watu wa Dar mwaka 2014 na tena 2019. Huanza kwa homa kali na maumivu ya kichwa, macho na viungo, na dawa ya malaria haiisaidii kitu. Mpaka ujue unaumwa nini, tumia panado peke yake kwa maumivu. Kaa mbali na aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, kwa sababu kama ni dengi, dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu.

Ukifika kituo cha afya, usimfuate daktari moja kwa moja. Tafuta dirisha la mapokezi, salimia, kisha useme, "Naomba kuandikisha, ni mara yangu ya kwanza hapa." Watakuuliza jina, umri na mtaa unaokaa, kisha watakufungulia faili. Kwenye vituo vya serikali, malipo mara nyingi hufanywa kwa namba ya malipo. Watu husema kontroo namba: tarakimu 12 zinazoanza na 99. Unailipia kwa simu au kwa wakala, halafu unarudi dirishani na ujumbe wa malipo. Usiufute ujumbe huo mpaka utoke getini. Kwenye benchi uliza, "Samahani, nani wa mwisho?" Ukishamjua, huyo ndiye unayemfuata, na wewe utamwambia atakayekuja baada yako.

Mbele ya daktari sema "naumwa". Dar neno hilo peke yake maana yake ni mgonjwa, kisha unataja kinachouma: "Naumwa, nina homa tangu jana usiku, kichwa kinauma, natapika." Sema "nina", uiache "niko na" Nairobi. Tumbo likichafuka ni "naharisha", na hapo daktari anaweza kukuuliza, "Choo chako kikoje?" Usianze kumweleza habari za msala wa nyumba uliyopanga. Anauliza kuhusu haja yako kubwa, ina damu au la, ni maji au la. Akisema ulete choo maabara, utapewa kikopo kidogo. Kudungwa sindano wao huita kuchomwa sindano, kwa hiyo usishtuke nesi akisema atakuchoma.

Ikiwa ni malaria ya kawaida, utapewa dawa mseto. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24 vya siku tatu: vinne kila mara. Ukimeza vinne vya kwanza saa nne asubuhi, vinne vya pili ni baada ya muda wa saa nane, yaani saa kumi na mbili jioni. Kuanzia kesho yake ni vinne asubuhi na vinne jioni. Meza baada ya kula kitu chenye mafuta kidogo, au hata maziwa, kwa sababu mwili huipokea dawa hiyo vizuri zaidi pamoja na mafuta. Ukiitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo, kisha urudi kituoni wakakupe ya kufidia. Siku ya pili utajisikia umepona, na wengi huacha hapo. Wewe maliza vyote. Na ukiona homa haishuki baada ya siku tatu, au unatapika kila kitu, au mtu anakwambia unaongea usiyoyajua, usingoje asubuhi. Mwambie mwenye nyumba akupeleke hospitali usiku huohuo.

Kabla hujatoka kwenye dirisha la dawa, msomee mfamasia maandishi ya kwenye pakiti. Akiandika 2 x 3, ni vidonge viwili mara tatu kwa siku. Mwambie, "Samahani, naomba nirudie ili nihakikishe." Hakuna atakayekucheka.

Dukani je? Hapo hakuna hatari ya mwili, ila ndipo utakapojenga jina lako mtaani. Karibu kila mtaa una duka la Mangi, ndivyo wanavyomwita mwenye duka, hata kama mwenyewe si Mchaga. Nairobi tunasimama mbele ya duka tunasema, "Nipe maziwa mbili," tunalipa, tunaondoka, na hakuna aliyekosewa adabu. Dar maneno hayo husikika kama amri ya askari. Salimia kwanza. "Habari za saa hizi, Mangi?" Msubiri ajibu. Kisha, "Naomba maziwa mawili." Neno "naomba" utalisema mara thelathini kwa siku na halitakupunguzia kitu. "Si unipe" na "leta" usizitumie kabisa mwezi huu. Nilijifunza hili kwa mama mmoja wa genge, ndiko wanakouzia nyanya na mboga za jioni. Wiki nzima aliniuzia mafungu madogo kuliko ya wenzangu. Siku niliyomwambia, "Shikamoo mama, naomba fungu moja la mchicha," alinijibu "Marahaba mwanangu," akaniongezea kiganja kizima juu ya fungu bila kuombwa.

Dania utaiomba kwa jina la giligilani. Stima ni umeme, na unanunuliwa kwa simu kwa namba ya mita ya LUKU. Ukisikia "buku" ni shilingi elfu moja, na "jero" ni mia tano. Noti zao zina sufuri nyingi kuliko zetu, kwa hiyo mwezi wa kwanza hesabu taratibu, taja noti unayotoa, "Hii elfu kumi," ndipo uipokeze. Chenji ikichelewa, sema, "Samahani, chenji yangu bado," kwa sauti ileile uliyosalimia nayo.

Kuhusu ofisi. Mambo ya uhamiaji mwajiri wako anayashughulikia, na mimi sitaingia huko. Ofisi utakayoihitaji wewe mwenyewe ni ya serikali ya mtaa, maana benki na ofisi nyingi zitakuomba barua ya utambulisho kuonyesha unapokaa. Anza na mwenye nyumba. Mwambie, "Baba, naomba unipeleke nikajitambulishe kwa mjumbe." Usiende peke yako ukiwa mgeni; mjumbe anamjua yeye, na kupitia kwake atakujua wewe. Kisha nenda ofisini na pasipoti yako, kopi yake na picha mbili ndogo. Kopi utatoa stesheneri, usiulizie saiba. Mlango hata ukiwa wazi, simama nje useme "Hodi." Subiri "Karibu." Mtu akiwa amekuzidi umri mpe shikamoo, mwanamume kwa mwanamke, afisa au mfagizi. Ndipo useme, "Mimi ni mgeni, nimetokea Kenya, nimepanga kwa mzee fulani. Nimekuja kuomba barua ya utambulisho kwa ajili ya benki." Taja benki yenyewe, kwa sababu barua huandikwa ikielekezwa kwa anayehusika.

Utaambiwa mtendaji wa mtaa hayupo. Usiseme "Sasa mimi nifanye aje?" kama tulivyozoea. Uliza, "Naomba kujua, nimkute saa ngapi?" Wakikwambia saa tatu, ni saa tatu asubuhi, fika saa mbili na nusu. Barua ukishapewa, isome ukiwa bado ofisini. Angalia jina lako lifanane na la kwenye pasipoti herufi kwa herufi, tarehe iwepo, na muhuri uonekane wote. Yangu ilirudishwa benki mara mbili: mara ya kwanza walikuwa wameruka herufi moja ya jina, mara ya pili muhuri ulikuwa nusu. Kila safari ilikuwa daladala mbili kwenda na mbili kurudi, juani.

Jambo la mwisho, mwanangu, ni chandarua. Ulisema chumba kina nyavu madirishani, lakini hizo hutoboka pembeni bila kuonekana. Kesho mwambie Mangi, "Naomba uniulizie chandarua chenye dawa, cha kitanda cha tano kwa sita." Kichomeke chini ya godoro pande zote kabla giza halijaingia. Ukishakifunga nitumie picha, na namba yako mpya ya Tanzania, maana hii ya zamani kila nikipiga haipatikani.

Mama yako