Shingo ya mwanafunzi inasimulia ya zamani, mkojo unasimulia ya wiki hii

Walimu wakuu wanaotupigia simu kutoka Kilolo, Mufindi na Makete karibu wote huomba kitu kimoja: tuje tuwapime watoto wenye shingo zilizovimba, kisha tuwape dawa. Tunawaelewa. Huku nyanda za juu kusini goita si jambo geni. Mvua za miaka mingi zimeosha madini joto, yaani iodini, kwenye udongo wa milimani, na mazao yanayoota humo huwa nayo kidogo. Hata hivyo, maabara yetu haianzi na dawa, kwa sababu shingo peke yake inaweza kukupoteza.

Tezi ya shingo huvimba mwili unapokosa madini joto kwa muda mrefu. Mtoto akianza kuyapata, tezi huchukua miezi, pengine miaka, kunywea. Mkojo ni tofauti, kwa kuwa sehemu kubwa ya madini joto tunayokula hutokea huko baada ya muda mfupi. Ndiyo maana tunapima vyote viwili, pamoja na chumvi.

Tuchukue mfano wa shule ambayo tumechagua kwa bahati nasibu watoto 120 wa miaka 6 hadi 12. Mpimaji anapapasa shingo ya kila mmoja. Kama kila upande wa tezi ni mdogo kuliko kipande cha mwisho cha dole gumba la mtoto mwenyewe, hiyo ni daraja 0. Ikiwa kubwa zaidi lakini haionekani shingo ikiwa imekaa kawaida, ni daraja 1. Ikionekana wazi, ni daraja 2. Kwa watoto wadogo, kutofautisha 0 na 1 ni kazi ngumu, hivyo wapimaji wawili hurudia baadhi ya watoto bila kuambiana majibu. Wakipishana sana, hatuamini hesabu hiyo.

Tuseme watoto 18 wana goita, yaani wako daraja 1 au 2; hiyo ni asilimia 15. Kuanzia asilimia 5 huhesabiwa kuwa tatizo la jamii. Sasa tunatazama mkojo. Tunapanga majibu yote 120 kutoka dogo hadi kubwa na kuchukua la katikati. Likiwa mikrogramu 160 kwa lita, watoto hawa kwa ujumla wanapata madini joto ya kutosha sasa, maana kiwango kizuri ni 100 hadi 199. Goita zile ni za miaka iliyopita, na kuwaongezea madini joto ni kosa. Likiwa 74, upungufu upo leo, ingawa si mkali, na kuna cha kurekebisha.

Mzazi akiuliza, "Wa kwangu amepata ngapi?" hatumpi jibu la mkojo. Kiasi cha mtoto mmoja hupanda na kushuka siku hadi siku. La katikati ndilo lenye maana. Lakini mtoto mwenye uvimbe mgumu, au anayepata shida kumeza au kupumua, tunamwelekeza hospitali siku hiyo hiyo.

Sampuli za mkojo huchafuka kirahisi mno. Dawa ya vidonda yenye iodini ikigusa kichupa, jibu linapaa. Meza ya kupimia chumvi nayo tunaiweka chumba kingine kabisa.

Kila mtoto huleta kijiko cha chumvi ya nyumbani. Tone la kipimo cha haraka hugeuza chumvi kuwa bluu kama ina madini joto, ila halikuambii kwa uhakika ni kiasi gani. Kiasi tunakipata maabara. Shule yetu ya mfano ikiwa na nyumba 54 tu kati ya 120 zenye angalau miligramu 15 kwa kilo ya chumvi, hiyo ni asilimia 45, wakati lengo ni kuzidi 90. Hapo chanzo kimejionyesha: mara nyingi ni chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo gulioni, au gunia lililokaa wazi likapata unyevu.

Mpango wa marekebisho unaanza na jiko la shule: chumvi ya pakiti yenye madini joto, itunzwe kwenye ndoo yenye mfuniko, itiwe maharage yakikaribia kuiva. Majibu ya chumvi tunayapeleka kwa afisa afya wa kata, ili wauza chumvi wa gulio hilo wafuatiliwe. Tafadhali msinunue matone ya iodini na kuwagawia watoto. Kuzidisha nako kunavuruga tezi, na kwa wazee wenye goita ya siku nyingi kunaweza kuifanya ifanye kazi kupita kiasi. Vidonge vya mafuta ya madini joto ni uamuzi wa idara ya afya, pale upungufu unapokuwa mkali na chumvi nzuri haifiki.

Baada ya mwaka tunarudia mkojo na chumvi. Kupapasa shingo kunaweza kusubiri zaidi.

Kabla ya kupanga tarehe, tunahitaji kibali cha mganga mkuu wa halmashauri, ridhaa za wazazi kwa maandishi, na orodha ya wanafunzi wote wa umri huo, ili uchaguzi tuufanye sisi wenyewe badala ya kuletewa wenye shingo kubwa tu.