Msituambie tu kwamba wafanyakazi wana hisa, tuambieni ni ngapi na nani anazishika

Kwa Mhariri,

Kurasa zenu za biashara hutaja mara kwa mara kwamba kampuni fulani "inamilikiwa kwa sehemu na wafanyakazi wake". Kauli hiyo kwa kawaida hutoka kinywani mwa msemaji wa kampuni, na mwandishi huiacha hapo hapo. Mimi ni mhasibu mstaafu, na najua kwamba dai kama hilo linaweza kupimwa kwa karatasi ambazo hazijafichwa popote.

Nitatumia mfano wa Kenya Airways kwa sababu hesabu yake iko wazi. Mwaka 2017 shirika hilo lilielemewa na madeni, na sehemu ya madeni hayo ikageuzwa kuwa hisa. Baada ya zoezi hilo orodha ya wanahisa ilisomeka hivi: Serikali asilimia 48.9, kampuni iliyoundwa na benki zilizokuwa zikiidai, KQ Lenders Company 2017, asilimia 38.1, KLM asilimia 7.8, mpango wa hisa za wafanyakazi asilimia 2.4, na wanahisa wengine wote asilimia 2.8. Kwa hiyo ukiulizwa kama wafanyakazi wa KQ walikuwa na sehemu ya shirika, jibu ni ndiyo. Lakini tazama ni sehemu gani. Jumla ya hisa ilikuwa takriban bilioni 5.8, kwa hivyo asilimia 2.4 ni kama hisa milioni 140. Tuseme, kwa mfano tu, zingegawanywa sawa kwa watu 4,000: kila mmoja angepata hisa 35,000. Bei ya mwisho kabla uuzaji wa hisa za KQ kusimamishwa Julai 2020 ilikuwa Sh3.83, maana yake ni Sh134,000 hivi kwa kila mtu. Na pesa hizo zilikuwa za kuangalia kwa macho tu, kwa sababu hisa hizo hazikuuzika tena kwenye Soko la Hisa la Nairobi hadi Januari 2025.

Orodha ya namna hiyo huipati kwa msemaji. Kampuni iliyoorodheshwa sokoni huichapisha katika ripoti yake ya mwaka, kwenye ukurasa wa wanahisa kumi wakubwa. Tafuta humo jina lenye neno ESOP, kifupi cha Kiingereza cha mpango wa hisa za wafanyakazi, au jina la wadhamini wanaozishika kwa niaba yao. Katika orodha ya wanahisa wakubwa wa Equity, kwa mfano, mpango wa hisa za wafanyakazi umekuwa ukitajwa kwa jina lake. Majina yenye neno Nominees yasikuchanganye: hizo ni akaunti ambazo benki huwashikia watu wengine hisa, na huwezi kujua kwa jina hilo pekee ni za mfanyakazi au za mwekezaji wa London.

Usiishie kwenye orodha, geuza kurasa hadi maelezo ya hesabu. Hapa ndipo waandishi wengi hawafiki, na ndipo penye habari yenyewe. Safaricom, kwa mfano, imeeleza katika hesabu zake kwamba ina mpango ambao hisa hununuliwa sokoni, zikashikwa na amana, yaani mfuko unaosimamiwa na wadhamini kwa niaba ya wafanyakazi, kisha zikakabidhiwa mfanyakazi baada ya miaka mitatu. Katika miaka hiyo mitatu hisa ziko kwa amana, na mfanyakazi ana ahadi tu. Akiacha kazi mapema, masharti ya mpango ndiyo yanayoamua kama atapata kitu au ataondoka mikono mitupu. Mhasibu huitambua hali hii kwa ishara moja: ikiwa amana inadhibitiwa na kampuni yenyewe, hisa zilizomo hupunguzwa kutoka mtaji wa wanahisa kwenye mizania, kana kwamba kampuni imejinunulia hisa zake. Ukiona hivyo, ujue kwamba hisa hizo bado hazijamfikia mfanyakazi, hata kama msemaji anazihesabu kuwa zake.

Kampuni isiyokuwa sokoni inahitaji njia nyingine. Kupitia eCitizen unaweza kuiomba Huduma ya Usajili wa Biashara (BRS) hati ya CR12 ya kampuni yoyote kwa ada ndogo. Hati hiyo hutaja wakurugenzi, wanahisa na idadi ya hisa za kila mmoja. Tatizo lake ni kwamba sheria ya kampuni hairuhusu amana kuandikwa kwenye daftari la wanahisa. Daftari linamjua mwenye jina tu, si anayeshikiwa. Kwa hiyo hutakuta humo maneno "kwa niaba ya wafanyakazi". Utakuta kampuni ya wadhamini, au majina ya watu wawili watatu ambao pengine ni meneja wa fedha na wakili wa kampuni. Majina hayo hayathibitishi kwamba amana ipo, wala hayathibitishi kwamba haipo.

Tangu 2020 kuna pia daftari la wamiliki halisi, lakini halitausaidia umma katika jambo hili. Kiwango chake ni asilimia 10 ya hisa, na mfanyakazi mmoja hafikii hapo. Isitoshe, daftari hilo ni la vyombo vya serikali, si la kusomwa na kila mtu.

Kinachobaki ni hati ya amana yenyewe. Humo ndimo mnamosemwa wanufaika ni nani, wadhamini huteuliwa na nani, na nani hupiga kura ya hisa hizo kwenye mkutano mkuu. Swali hili la kura naliona ndilo zito kuliko yote. Bodi ikiwateua wadhamini wote, na wadhamini wakapiga kura bila kuwauliza wafanyakazi, basi wafanyakazi wanapata gawio, na bodi inapata kura. Mwandishi hataonyeshwa hati hiyo kwa urahisi, lakini mfanyakazi aliyemo kwenye mpango ana haki ya kuwauliza wadhamini masharti yanayomhusu. Mpango ukiwa umeidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, utaukuta pia kwenye orodha ambayo mamlaka hiyo huitoa kwa umma. Kutokuwemo si uthibitisho wa udanganyifu, lakini ni sababu tosha ya kumpigia msemaji simu tena.

Kuna mkanganyiko mmoja zaidi ambao nimeuona umechapishwa, tena si mara moja. Kwa miaka mingi NSSF imekuwa na takriban asilimia 27 ya East African Portland Cement. Pesa za NSSF ni za wafanyakazi wa nchi nzima, lakini hilo halimfanyi mfanyakazi wa kiwanda cha Athi River kuwa mwenye kiwanda. Vivyo hivyo hazina ya pensheni ya kampuni inaponunua hisa: imewekeza ili ilipe uzeeni, na faida yake hugawanywa kwa kanuni za pensheni.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mnapoandika tena kwamba wafanyakazi wanamiliki sehemu ya kampuni, tupeni asilimia yenyewe, jina lililo kwenye daftari kama lilivyo, ngapi kati ya hisa hizo zimekwisha kukabidhiwa na ngapi bado ziko kwa amana. Msemaji akikataa kuwajibu, andikeni kwamba amekataa.

Mhasibu mstaafu,
Nakuru