Mwanangu anabana choo tangu nilipomlazimisha poti

Shangazi, shikamoo.

Nina mtoto wa kiume wa miaka 2 na miezi 5, na nina mimba ya miezi 7. Mimba hii ndiyo iliyonitia haraka. Nilipoigundua, mwanangu alikuwa ndiyo kwanza anatimiza miaka 2, nikaapa kwamba mdogo wake hatazaliwa kabla yeye hajaacha nepi. Mama mkwe naye hakuacha kunikumbusha kwamba wanawe wote waliacha nepi wakiwa na mwaka mmoja na nusu. (Mume wangu anasema mama amesahau magodoro.)

Basi nikaficha nepi, nikanunua poti. Kila nusu saa nilimkalisha na kumshika mabega asiinuke. Alikaa dakika 10 pakavu, akisimama tu anakojolea zulia. Nikauita ukaidi. Leo nikikumbuka, nepi yake wakati ule ilikuwa inalowa kidogo kidogo kutwa nzima. Hakuwahi kukaa hata saa 2 akiwa mkavu. Suruali hawezi kuivua, na akishalowa wala hajali. Ishara niliyoiona ilikuwa moja tu: akitaka haja kubwa, alikuwa akijificha nyuma ya pazia. Nikasema huyu anajua, yuko tayari.

Siku moja nikamfuata hukohuko nyuma ya pazia, haja imeshaanza kutoka, nikambeba mbio hadi kwenye poti. Alilia kama aliyeungua. Haja ikakatika palepale, na tangu siku hiyo akaanza kuibana.

Shangazi, sikujua mtoto mdogo anaweza kubana choo siku 5. Alikuwa anasimama kwa ncha za vidole, amekaza miguu na makalio, uso umemwiva. Sisi tukidhani anasukuma, tunampigia makofi! Kumbe alikuwa anazuia. Ikitoka, inatoka ngumu na nene, analia, na kesho yake anabana zaidi kwa kuogopa maumivu. Baadaye chupi ikawa inachafuka maji maji, nikadhani anaharisha, na nusura nimpe dawa ya kuzuia.

Daktari alimbonyeza tumbo akalikuta limejaa. Akanieleza kwamba choo kikikaa ndani, mwili unaendelea kukifyonza maji, kinakuwa kigumu, na utumbo wa mwisho unatanuka mpaka mtoto hasikii vizuri kwamba umejaa. Yale maji maji ni choo laini kinachopenya pembeni ya kile kigumu. Utumbo uliojaa hivyo unakibana na kibofu pia, ndiyo maana mikojo ya ghafla ilikuwa imezidi. Akampa dawa ya kulainisha choo, akanionya nisiikatishe nikiona amepata choo laini mara moja, kwa sababu utumbo huchukua miezi kurudi hali yake na mtoto naye huchukua muda kusahau maumivu. Nepi zirudi, na poti isitajwe kabisa.

Nilirudi nyumbani nimenywea. Wiki tatu za kumkalisha kwa nguvu zimetugharimu miezi.

Sasa ni mwezi wa pili tangu tuonane na daktari. Dawa anaendelea nayo, anapata choo laini karibu kila siku na halii. Na mambo niliyokuwa nikiyalazimisha yameanza kuja yenyewe. Akiamka usingizi wa mchana nepi ni kavu. Anasema "mama, mkojo" kabla haujatoka, ingawa mara nyingine anachelewa. Suruali anaishusha mwenyewe. Nikimwambia avue viatu kisha avipeleke mlangoni, anafanya yote mawili bila kukumbushwa. Jana amemkalisha mwanasesere wake kwenye poti, akamwambia "subiri". Mimi nikapita kama sijaona kitu.

Lakini haja kubwa bado ni nepi na pazia. Akiisikia inakuja, analeta nepi mwenyewe, ananiamuru nimfunge, kisha anakwenda kujificha.

Ndipo nilipokwama. Je, nimwache aanze poti kwa mkojo tu, na haja kubwa aendelee kuombea nepi, au nitakuwa namchanganya? Nawaza pia kumruhusu ajisaidie ndani ya nepi lakini akiwa chooni badala ya nyuma ya pazia, ila naogopa hata hiyo isije ikawa kumsukuma tena. Na hii miezi 2 iliyobaki: nimfuate anavyokwenda sasa, au ningoje mdogo wake azaliwe kwanza? Nasikia watoto wengi hurudi nyuma nyumbani akija mtoto mchanga.

Kuna na la mama mkwe. Anakuja kunisaidia uzazi, na ameshasema akifika nepi hizo atazitupa yeye. Nimwambie nini, Shangazi, bila kumvunjia heshima?

Mama wa Nyuma ya Pazia