Ng'ombe apimwe kwa lita, si kwa kichwa tu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kilimo na tabianchi ilitaka watu wote wapunguze nyama na maziwa kwa kiwango kimoja. Mimi ni mfugaji, na hapo sikubaliani nayo.

Ng'ombe anapocheua hutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani. Mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, ulikadiria kilo 46 za gesi hiyo kwa mwaka kwa ng'ombe wa maziwa wa Afrika, na 128 kwa wa Amerika Kaskazini. Ukiishia hapo, wetu ndiye msafi. Lakini mwongozo huohuo uliweka maziwa ya wetu kilo 475 kwa mwaka na ya mwenzake 8,400. Gawanya: gramu 97 hivi kwa kila kilo ya maziwa yetu, 15 kwa yao.

Sababu ni kwamba chakula kingi cha ng'ombe wetu huishia kumweka hai tu, hasa kiangazi anapokula mabua makavu. Akipata majani mabichi, mashudu na maji ya kutosha, methani huongezeka kidogo lakini maziwa huongezeka zaidi.

Kuna mpaka, nakiri. Tukimlisha mahindi tunatumia shamba ambalo lingelisha watu moja kwa moja. Nyanda kame zisizoota mahindi ni suala jingine.

Anayekula nyama kila siku mjini ahamie maharage, naunga mkono. Mtoto wa mfugaji anayepata kikombe kimoja cha maziwa asiguswe.

Mfugaji,
Iringa