Kwa mama wa kitanda cha pili

Mama uliyekuwa ukimuuguza mwanao, jina lako hatukuliuliza. Usiku ule tuliomlinda shangazi tulipitiwa na usingizi mkekani. Wewe ndiwe uliyeona mkono wake umevimba juu ya sindano ya dripu, ngozi imekaza, baridi ukiugusa. Maji yalikuwa yakiingia nyamani badala ya mshipani. Ukamwita nesi, akafunga dripu, akachomoa sindano, akauinua mkono kwenye mto na kuihamishia dripu mkono wa pili. Asubuhi uvimbe ulikuwa umeshuka. Asante sana, mama, na mwanao apone.

Shangazi, ugua pole. Jana umemaliza kikombe cha uji, tena umelalamika sukari haitoshi! Nyumbani Arua tunakungoja, samaki wa karanga wako tayari.